Rangi nyeusi ya nywele: shughulika na doa kabla halijawa jeusi

Swali: "Shikamoo dada. Jumamosi ijayo nitampaka mama rangi nyeusi nyumbani, ana mvi kichwa kizima na kuna harusi ya binamu yangu. Mara ya mwisho paji lake la uso na masikio vilibaki na weusi siku nne, mistari kati ya marumaru za bafuni ikashika madoa mpaka leo, na taulo mbili nyeupe ziliharibika kabisa. Nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba keshauliza. Nilisugua siku hiyo hiyo jioni lakini wapi. Nifanye nini safari hii yasishike?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeniambia mwenyewe ulipokosea: "siku hiyo hiyo jioni." Ulimpaka saa ngapi? Kama ni saa nne asubuhi, jioni hiyo rangi ilikuwa imeshamaliza kazi yake zamani, na ulichokuwa unasugua hakikuwa kile kilichodondoka asubuhi.

Kabla ya mengine yote nataka ufanye jambo moja dogo litakalokufundisha kuliko maneno yangu. Siku ya kupaka, ukishachanganya rangi, chukua tone moja kwa mpini wa brashi uliweke kwenye kisosi cheupe, ukiache kando unapokiona. Dakika ya kwanza utaona tone la rangi ya maziwa, pengine lina unjano kidogo. Endelea na kazi yako. Ukitupa jicho baada ya dakika tano limekuwa kama chai ya maziwa iliyokolea, au limeingia uzambarau. Robo saa ikipita ni kahawia nzito. Nusu saa, jeusi tii. Kisosi hicho ndicho saa yako ya siku nzima. Kila tone lililoruka ukutani, kila alama iliyo sikioni kwa mama, inapita njia hiyo hiyo kwa mwendo huo huo. Kisosi kikiwa bado chai ya maziwa, tone linaondoka kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Kikiwa cheusi, umeingia kwenye vita.

Sababu yake ni hii. Rangi ya kudumu ya krimu, ile ya vichupa viwili kwenye boksi, haiji ikiwa nyeusi. Kichupa kimoja kina amonia na vipande vidogo sana visivyo na rangi ya maana, na kinachojulikana zaidi kati ya hivyo ni kile kinachoandikwa kwa ufupi PPD. Kichupa cha pili ni peroksaidi. Ukichanganya, peroksaidi huanza kuviunganisha vile vipande viwili viwili, vitatu vitatu, na weusi unazaliwa kwenye huko kuunganika. Vikiwa vidogo vinapenya popote: ndani ya unywele, ndani ya ngozi kavu ya juu, ndani ya vitundu vya saruji, ndani ya uzi wa pamba. Vikishaungana humo ndani havitoki tena. Ni kama kabati ulilokuta fundi ameliingiza chumbani likiwa mbao mbao, akaligongea humo humo. Siku ya kuhama ndipo mnapogundua kwamba mlango ni mdogo.

Kwa hiyo kazi yako Jumamosi ni kuzikamata mbao mlangoni. Doa unaloliona vizuri umeshalichelewa. Doa la kuhangaika nalo ni lile usiloliona.

Kanta ya unga, ile inayochanganywa na maji tu, tabia ni ile ile ila haikupi muda wa chai ya maziwa. Ukikoroga tu inaanza kukolea. Kama ndiyo utakayotumia, kila dakika ninayoitaja hapa igawe kwa mbili.

Sasa matayarisho. Hili la kwanza utaliona la kipuuzi: jaza ndoo mbili za maji kabla hujafungua boksi. Mimi niko Tanga na najua maji yanavyokatika bila hodi. Nimeshawahi kubaki na mteja kichwa kimejaa rangi, bomba linakohoa hewa, naye rangi inamtiririkia shingoni huku kijana amekimbizwa kisimani. Ndoo moja ni ya kichwa. Nyingine weka karibu na miguu yako, ya maji baridi yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, na kitambaa ndani yake. Hiyo ya pili ndiyo silaha yako, usiitumie kwa kitu kingine.

Nywele za mama zioshwe Ijumaa, si Jumamosi yenyewe. Mafuta ya asili ya kichwani ya siku moja yanamlinda na kuwasha, na yanaisaidia ngozi isinywe rangi upesi. Usimsugue uso kwa dodoki asubuhi hiyo, maana ngozi iliyotoka kusuguliwa inakunywa rangi kama sifongo. Halafu vaselini: mkanda wa upana wa kidole kimoja kuzunguka paji lote la uso, mbele na nyuma ya masikio, hadi kisogoni. Iwe nene kiasi cha kung'aa. Rangi ni kitu cha majimaji na vaselini ni mafuta. Inaziba mikunjo midogo ya ngozi na rangi haipati pa kuingilia. Watu wengi hukosea hapa kwa kupandisha mkono hadi kwenye nywele zenyewe. Vaselini ikigusa mzizi wa nywele, mvi za hapo mbele hazitashika, na ndizo za kwanza kuonekana harusini. Acha nafasi nyembamba kama uzi kati ya vaselini na mstari wa nywele, na nafasi hiyo nyembamba ndiyo tutakayohangaika nayo baadaye. Mkaushe jasho kwanza, mwashie feni. Vaselini juu ya jasho inateleza yote ikashuka nyusini.

Ukishaanza kupaka, kila baada ya dakika tano zunguka mstari wa nywele na kipande cha pamba chenye mafuta ya nazi kidogo. Futa kwa mkono mmoja, kutoka kwenye nywele kwenda nje, mara moja, kisha kunja pamba upate upande safi. Ukifuta kwenda na kurudi unaisambaza. Fanya hivyo hata pale usipoona kitu. Kumbuka kisosi: dakika kumi za kwanza rangi iliyo kwenye ngozi ya maji ya kunde haionekani vizuri, na ndizo dakika ambazo inatoka bila kubembelezwa.

Muda ulioandikwa kwenye boksi ukiisha, mara nyingi ni kati ya nusu saa na dakika arobaini na tano kwa mvi, usikimbilie kumwagia maji. Hapa kuna ujanja wa saluni ambao nyumbani watu hawaujui. Mnyunyizie maji ya uvuguvugu kidogo tu, kama robo kikombe, halafu anza kuichua rangi ile ile iliyoko kichwani mpaka ifanye povu zito. Povu hilo lilete mbele, likande taratibu kwa ncha za vidole juu ya mstari wa paji la uso, nyuma ya masikio, kisogoni, dakika moja hadi mbili. Ndiyo, unapaka rangi juu ya doa la rangi. Rangi ya krimu ina sabuni na mafuta ndani yake, na ile iliyokauka juu ya ngozi inalainika na kubebwa na ile yenye majimaji. Sehemu kubwa ya weusi wa ule uzi mwembamba tulioacha huondoka hapo. Kisha suuza kabisa, futa vaselini kwa karatasi laini kabla ya sabuni kuigusa, ndipo uoshe kwa shampuu.

Tuseme umefanya yote hayo na bado juu ya sikio la kushoto kuna alama. Paka mafuta ya nazi mazito, mwache mama anywe chai dakika kumi, halafu futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto yanayovumilika, umalizie na sabuni ya kawaida. Likibaki, chukua spiriti ya duka la dawa, ya asilimia sabini, lowesha pamba, ibonyeze juu ya doa uhesabu hadi kumi, ndipo ufute. Kubonyeza ndiko kunakofanya kazi. Kusugua kunachubua tu. Mara mbili, basi. Usiipeleke karibu na jicho wala mahali palipotoka kunyolewa, na ukimaliza rudisha mafuta kidogo maana spiriti inakausha.

Likikataa baada ya hapo, liache. Nasema kwa dhati. Doa limekaa kwenye ngozi mfu ya juu kabisa, ile inayopukutika yenyewe kila siku, na kwa kuoga na dodoki laini paji la uso husafika ndani ya siku chache. Mama yako siku nne zile hakuwa na tatizo, alikuwa anapukutika kama sote. Kucha ndizo hazina huruma. Ukucha ni kitu cha jamii moja na unywele, na unakua kama milimita tatu tu kwa mwezi, kwa hiyo rangi iliyoingia kwenye ukucha utaizunguka nayo miezi. Vaa glavu, na ikichanika badilisha hapo hapo, usiseme nimalizie upande huu.

Nikuambie kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa najifunza kazi, mwaka 2003, mteja aliguswa na brashi shavuni. Nilijua peroksaidi ndiyo inayofifisha nywele tunapozipausha, nikaona akili imenifikia: nikachovya pamba kwenye kile kichupa cha pili nikampaka shavuni. Alama ilikuwa kahawia hafifu. Mbele ya macho yangu ikaenda ikikolea mpaka ikawa nyeusi kuliko nywele zake. Sikuwa nimeifuta, nilikuwa nimeipelekea fundi wa kuunganisha zile mbao. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alinipa taulo nikae nimuombe mteja radhi. Kwa hiyo peroksaidi isiguse doa bichi la ngozi, hata kama umesikia inatoa madoa.

Na jiki kwenye ngozi usithubutu, hata ya kuchanganya na maji. Magadi vilevile yanachubua. Ndimu naikataa kwa sababu nyingine: maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi halafu ukatoka juani, yanaweza kukuunguza ukatoka malengelenge na baka jeusi la wiki kadhaa. Utakuwa umebadilisha doa la siku nne kwa doa la mwezi.

Twende bafuni. Marumaru yenyewe haina shida. Juu yake kuna tabaka linalong'aa ambalo ni kioo kwa asili yake, na kioo hakinywi. Tone lililokauka hapo hata kesho utalitoa kwa sabuni ya vyombo na kitambaa chenye ukwaruzo kidogo. Kinachomtia mwenye nyumba hasira ni grauti, ile saruji nyembamba ya katikati. Hiyo imejaa vitundu. Tone likianguka juu ya marumaru linatiririka hadi kwenye mstari, mstari unalivuta ndani, na humo linaungana. Ndiyo maana ulipofuta ulidhani umemaliza: marumaru iling'aa, kumbe rangi ilikuwa imeshahamia jirani.

Basi usisubiri kumaliza kichwa. Tandika nailoni kubwa sakafuni na magazeti juu yake, upandishe nyingine ukutani nyuma ya kiti kwa utepe wa gundi wa karatasi, hadi usawa wa kichwa cha mama akiwa amekaa. Kwa kile kitambaa cha ndoo ya pili, kila unapozungukia paji la uso, ufute na ukuta kwa mara moja. Futa pote mkono unapofika, hata palipo safi kwa macho. Mara nyingi matone ya hatari huruka unapochana rangi na kitana kuelekea nyuma, kwa hiyo kageuze kiti ili mgongo wa mama uelekee mlango wazi kuliko ukuta.

Kwa yale madoa ya zamani, fanya siku nyingine, si Jumamosi. Hili lina sababu zaidi ya uchovu. Jiki ni klorini, na rangi mbichi ya nywele ina amonia. Vikikutana vinatoa mvuke unaokaba kifua, na bafu zetu nyingi zina kidirisha cha ukubwa wa kitabu. Vilevile dawa za kusafishia choo nyingi ni tindikali. Zikikutana na jiki inatoka gesi ya klorini yenyewe. Watu hufanya hivyo bila kujua: wamemimina ya choo asubuhi, mchana wanaleta jiki kwenye ukuta wa jirani, maji yanakutana sakafuni. Siki na ndimu ni kundi lile lile la tindikali. Kwa hiyo osha kwanza kwa sabuni na maji mengi, suuza, acha mlango wazi.

Kisha changanya sehemu moja ya jiki na sehemu tisa za maji baridi, kwenye kopo utakalolitupa. Vaa glavu na nguo ambayo ikiharibika haitakuuma. Ukimwagia ukutani itashuka yote bila kufanya kazi, kwa hiyo chukua karatasi ya chooni, izungushe iwe kamba nyembamba, ichovye, uibandike juu ya mstari wenye doa. Itanata. Iache dakika kumi, ibandue, tazama. Doa jeusi litakuwa limefifia kuwa kahawia au rangi ya chungwa chakavu. Rudia mara moja au mbili, suuza vizuri. Hiyo rangi ya chungwa wakati mwingine ndiyo mwisho wake. Hapo unapitisha msasa laini kidogo juu ya mstari, kwa sababu doa mara nyingi halijaingia zaidi ya unene wa ukucha, au unanunua kifuko cha grauti nyeupe na kumwita fundi azibe mistari mitatu minne. Ni kazi ya asubuhi moja, na ni nafuu kuliko kukatwa kwenye amana ya pango.

Ule ukanda laini kama mpira unaoziba kati ya sinki na ukuta, ukishaingia rangi haurudi. Uukate utiwe mpya. Na kama sakafu yenu ni jiwe la marumaru la kweli badala ya vigae, jiki na tindikali vyote vitaua mng'ao wake. Hapo ni sabuni na maji tu, tena papo hapo.

Taulo sasa, na hapa nitakuwa mkali. Kwa nini taulo nyeupe iwemo bafuni siku hiyo? Najua jibu: ndiyo iliyokuwa karibu. Toa zote, hata ya kukaushia mikono iliyotundikwa nyuma ya mlango. Tafuta fulana nyeusi ya zamani ya pamba, hiyo ndiyo ya begani na ya kufungia kichwa. Mara nyingi taulo haiharibiki wakati wa kupaka. Inaharibika baadaye, kichwa kimesuuzwa nusu nusu, maji bado yanatoka kama chai, mtu anafunga kilemba cha taulo anaenda kukaa sebuleni nusu saa. Suuza mpaka maji yanayoanguka kwenye beseni jeupe yawe meupe. Hata hivyo nywele zilizotoka kupakwa huachia rangi kidogo kwa miosho miwili au mitatu ya mwanzo, kwa hiyo usiku huo foronya ya mama nayo iwe ya rangi iliyokoza.

Likitokea la kutokea na taulo ikaguswa, usiiviringe kuiweka kando. Peleka chini ya bomba la maji baridi, doa likiwa limegeukia chini, maji yapite kutoka nyuma ya kitambaa yaisukume rangi itokee ilikoingilia. Ukimwagia kutoka mbele unaizamisha. Yawe baridi, maana joto huharakisha kule kuungana. Kama maji yamekatika, itumbukize kwenye ndoo na uibadilishie maji. Baada ya hapo tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo moja kwa moja, ibonye bonye kwa vidole bila kufikicha, suuza, rudia. Povu litatoka zambarau, kisha kahawia, kisha la maziwa. Usiache kabla ya la maziwa. Kwa doa la dakika tano, mara nyingi hapo hadithi imekwisha.

Lililobaki lipelekwe kwenye loweko likiwa bado bichi. Kwa taulo za rangi, na hata nyeupe kama hutaki klorini, tumia unga wa kutoa madoa wa aina ya oksijeni, ule ambao karatasi yake inataja sodiamu pakaboneti. Sasa ndipo maji ya uvuguvugu yanaruhusiwa, kwa sababu unga huo haufanyi kazi vizuri kwenye maji baridi na rangi changa umeshaiosha. Kiasi fuata karatasi yake, loweka saa kadhaa au usiku kucha. Utaniuliza: si nao unatoa peroksaidi, ile uliyonikataza? Ndiyo. Tofauti ni kwamba kwenye nguo umeshaosha vile vipande vidogo mpaka povu likawa la maziwa, kimebaki kile kilichokwisha kuungana, na kwa saa nyingi ndani ya maji mengi unga huo unakivunja vunja. Ukitia unga kabla ya kuosha, utarudia kosa langu la shavuni kwa kipimo cha ndoo nzima.

Taulo nyeupe ya pamba tupu inaweza kwenda kwenye jiki: vijiko vinne vikubwa kwa lita tano za maji baridi, robo saa, isizidi nusu saa, kisha suuza mara tatu. Ukiiacha usiku kucha doa litafifia na uzi utaoza. Taulo itachanika ukiikamua mwezi ujao. Na angalia ule mkanda laini wa urembo ulio karibu na ncha ya taulo. Mara nyingi si pamba, na jiki huugeuza njano. Hariri, sufu na nailoni usizipeleke kabisa.

Khanga ikiguswa ni habari nyingine, maana dawa yoyote ya kutoa weusi wa nywele inaweza kutoa na rangi ya khanga. Maji baridi na sabuni tu, mara nyingi uwezavyo. Ukitaka kujaribu spiriti, jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Pamba nyeupe ikichukua rangi ya khanga, acha.

Usianike juani wala kupiga pasi kitu chenye doa ambalo bado hujaridhika nalo. Kikishakauka kwa joto, sabuni haina tena nafasi na umebakiza dawa kali peke yake. Zile taulo mbili za mara ya mwisho jaribu loweko la oksijeni mara mbili ukipenda, lakini nadhani zimeshakuwa taulo za kupakia rangi. Zitunze kwa kazi hiyo, badala ya fulana.

Kuna alama moja ambayo sitaki uihangaikie kwa pamba wala spiriti. Ngozi ya mama ikiwasha, ikivimba kope, ikitoa vipele vyenye maji kwenye mstari wa nywele, hilo si doa. Ni mwili unakataa PPD, na ukisugua unazidisha. Suuza kwa maji mengi na umpeleke hospitali, haraka zaidi kama uso unavimba au anahema kwa shida. Jumatano asubuhi mpake tone la mchanganyiko nyuma ya sikio, saa 48 zipite bila kuosha hapo, uone. Usiseme mbona mara ya mwisho hakudhurika; mzio huu unaweza kuanza baada ya miaka ya kupaka bila tatizo. Na kama aliwahi kuungua kwa piko au ile inayoitwa hina nyeusi, asipakwe kabisa rangi hii, maana mara nyingi kilichomo humo ni PPD hiyo hiyo. Hina ya majani ni kitu kingine, na doa lake lina mambo yake. Nyusi zake pia usiziguse, hata akikuomba zifanane na nywele. Rangi hii ikiingia jichoni inaweza kulipofua.

Bakuli la kuchanganyia liwe la plastiki, si sufuria. Rangi inayobaki usiirudishe kwenye chupa na kufunga kifuniko. Inaendelea kutoa gesi na chupa inaweza kupasuka kabatini. Na usiimimine kwenye sinki jeupe. Ikombe kwa gazeti, uifunge kwenye mfuko, uitupe, ndipo bakuli na brashi viingie kwenye ile ndoo ya pili. Kisosi osha mwisho.